Kuuza cherehani ya miguu iliyotumika: tangazo ambalo mnunuzi anaweza kulijaribu

"Cherehani nzuri, inafanya kazi, bei maelewano." Fundi aliyeko Koboko akisoma maneno haya kuhusu cherehani iliyoko Arua, hajapata kitu cha kumtoa nyumbani. Hajui kama "inafanya kazi" maana yake inashona kitenge tu, au inapenya pia pindo la suruali ya kaki lililokunjwa mara nne. Hajui kama bobini kesi, kile kikopo cha chuma kinachobeba bobini ya uzi wa chini, ipo. Hajui kama mkanda ni mzima. Kwa hiyo atafanya moja kati ya mawili: atabaki kwake, au atakuja na bei ya chini kichwani ya kufidia kila asichokijua.

Tangazo zuri la cherehani huanza kwenye meza ya kushonea. Kwanza unaijaribu mwenyewe, kisha unaandika ulichokiona, halafu unamwalika mnunuzi arudie majaribio yale yale kwa mkono wake. Mwongozo huu unahusu cherehani inayouzwa na kununuliwa zaidi kwa mafundi wa mitaani: kichwa cheusi cha chuma, mshono wa moja kwa moja, meza ya mbao, miguu ya chuma na mkanda wa ngozi. Nyingi zimeandikwa Butterfly au Singer. Ikiwa yako ina mota, majaribio ni hayo hayo, lakini soma kwanza kibao cha mota. Umeme wa Uganda ni volti 240, na kuna mashine zilizotumika zilizotoka Japani ambazo mota yake ni ya volti 100. Hiyo haijaribiwi bila transfoma, na tangazo lazima liseme hivyo, maana mnunuzi akiichomeka ukutani mota itaungua siku hiyo hiyo.

Hatua ya kwanza: safisha kabla ya kupima

Cherehani iliyokaa miezi kadhaa bila kazi huwa nzito hata kama haina ubovu wowote. Mafuta ya zamani yamekauka yakawa kama gundi, hasa kama kuna mtu aliwahi kuitilia mafuta ya kupikia. Ukiipima ikiwa hivyo utaandika "ni nzito kidogo" na kupoteza pesa kwa tatizo la uchafu tu.

Fungua skrubu mbili za sahani ya sindano, ile bamba ndogo ya chuma yenye tundu ambalo sindano hupitia. Chini yake, kati ya mistari ya meno yanayosukuma kitambaa, utakuta vumbi la nguo limeshindiliwa hadi limekuwa gumu kama kipande cha blanketi. Litoe kwa sindano kuukuu na brashi. Vumbi hili hujaza nafasi ya meno, kitambaa kikashindwa kusogea, na wengi hudhani meno yamekwisha.

Kisha tia mafuta ya taa kidogo kwenye matundu ya mafuta yaliyo juu ya kichwa na chini yake, zungusha gurudumu la mkono kwa dakika tano, pangusa uchafu mweusi unaotoka, rudia mpaka kitambaa cha kupangusia kitoke safi. Fanya kazi hii mbali na jiko. Mafuta ya taa yakishakauka, weka mafuta ya cherehani, yale meupe mepesi, tone moja au mawili kila tundu. Usitie mafuta kwenye mkanda wala kati ya visahani vinavyobana uzi wa juu. Mkanda utateleza, na uzi utatoka ukiwa na madoa. Baada ya hapo shona kitambaa kibovu kwa muda mpaka mafuta ya ziada yaishe.

Usipake rangi mpya. Fundi akiona rangi mbichi kwenye kichwa cha miaka mingi, atauliza imefunika nini, na ana haki ya kuuliza.

Kama bado ni nzito baada ya kusafishwa, toa mkanda. Zungusha kichwa peke yake kwa mkono, kisha kanyaga pedali peke yake uone gurudumu kubwa la chini linavyozunguka. Hapo utajua uzito uko juu au chini. Ukiwa chini, tafuta uzi uliojizungusha kwenye ekseli, au mhimili mkavu. Ukiwa juu, angalia kwanza kama kile kifaa cha kujazia bobini hakijaachwa kikigusa gurudumu. Kosa hilo dogo hufanya kichwa kizima kionekane kibovu.

Hatua ya pili: shona, ukijua unatafuta nini

Weka sindano mpya. Hili halina mjadala, kwa sababu sindano iliyopinda kidogo tu, kwa kiasi ambacho jicho halioni, huharibu mshono na kukufanya uisingizie mashine. Sindano za vichwa hivi zina upande mmoja bapa kwenye shina. Isukume juu mpaka igote ndipo ukaze skrubu. Uzi huingia kutoka upande wenye mfereji mrefu na kutokea upande ulio bapa. Namba 14 inatosha kwa marekani na kitenge, namba 16 kwa kaki.

Tafuta vipande vitatu vya kitambaa: marekani nyepesi, kitenge, na kaki ya sare za shule. Juu weka uzi mwekundu, chini weka uzi wa buluu. Unapotunga uzi wa juu, futi, yaani mguu unaokandamiza kitambaa, iwe imeinuliwa. Ikiwa chini, visahani vya kubana uzi vimefungwa na uzi hautaingia kati yake. Utaona mzigo wa nyuzi umejikusanya chini ya kitambaa tangu mshono wa kwanza. Watu wengi wakiona fujo hiyo iko chini huanza kuchokonoa bobini, wakati kosa liko juu.

Shona mstari wa inchi sita kwenye marekani. Geuza kitambaa. Juu unatakiwa kuona wekundu mtupu, na chini ubuluu mtupu. Vinundu vya buluu vikichomoza juu, uzi wa juu umekazwa mno au wa chini umelegea. Vitanzi vyekundu vikionekana chini, ni kinyume chake. Ili kujua uko upande gani, toa bobini kesi ikiwa na bobini ndani, ishike kwa uzi wake na uiache ining'inie. Isishuke yenyewe. Ukiitikisa kidogo, ishuke sentimita chache na kusimama. Ikifanya hivyo, uzi wa chini uko sawa, rekebisha wa juu.

Sasa chukua futi kamba na uhesabu mishono katika inchi ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Ukiwa umeweka urefu wa kawaida utapata mishono 10 hivi kwa inchi. Idadi yenyewe si hoja kubwa. Hoja ni zilingane. Ukipata 10, 10 na 14, meno hayasukumi sawasawa: yamelika, au yamelegea, au futi haikandamizi vya kutosha.

Kwenye kitenge, shona pamoja vipande viwili vya inchi 12 vilivyo sawa kabisa. Kipande cha juu kikizidi kwa milimita mbili tatu mwishoni, ni kawaida kwa mashine hizi, kwa sababu meno husukuma kitambaa cha chini tu. Kikizidi kwa upana wa kidole, jaribu kwanza kulegeza skrubu ya juu inayokandamiza futi, kisha rudia.

Kaki ndiyo inayosema ukweli. Ikunje mara nne kama pindo la suruali na ushone kwa mwendo wa kazi, si kwa kubembeleza. Sikiliza. Mashine ikiruka mishono hapa baada ya kushona marekani vizuri, rudi kwenye sindano: je, ni namba 16, imegota juu, imeelekea upande wake? Kama yote hayo yako sawa na bado inaruka, tatizo liko kwenye ndoano inayodaka uzi chini. Ncha yake imechakaa, au majira yake hayalingani tena na sindano. Ncha ya ndoano inatakiwa kupita nyuma ya sindano, juu kidogo ya tundu lake, sindano ikiwa ndiyo kwanza imeanza kupanda kutoka chini kabisa. Kama hujui kuirekebisha, mpe fundi mitambo au andika kwenye tangazo kwamba inaruka kwenye nguo nzito. Usiiache kimya. Mnunuzi wa sare ataigundua ndani ya dakika mbili.

Uzi wa juu ukikatika mara kwa mara, toa sahani ya sindano uishike kwenye mwanga. Pembeni mwa tundu utaona alama za sindano zilizowahi kugonga: vidoa vidogo vinavyong'aa, na pengine mkwaruzo ulioinua ukingo mkali. Pitisha uzi wa nailoni ndani ya tundu huku ukiusugua ukingoni. Ukikwaruzika na kutoa manyoya, umempata mkataji. Msasa laini sana, namba 400 kwenda juu, unaosugua ukingo huo tu, humaliza kazi. Lakini mikwaruzo mingi kuzunguka tundu ina habari nyingine: mashine hii imevunja sindano nyingi, labda kwa kushona vitu vizito, na mnunuzi mzoefu ataanza kuangalia hapo kabla hata hajakaa kitini.

Malizia kwa kurudi nyuma, ikiwa mashine yako ina uwezo huo, kwa kuwa si vichwa vyote vya zamani vinao. Pandisha mkono wa urefu wa mshono hadi juu na uone kitambaa kinarudi. Mishono ya nyuma huwa mifupi kidogo kuliko ya mbele kwenye mashine zilizochoka. Ni kasoro ndogo, ila iandike. Na jaza bobini moja tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kimpira cha kijaziaji kikichakaa, kitateleza kwenye gurudumu na kujaza kwa kusitasita.

Vipande vyote ulivyoshona, vitunze. Andika kwa kalamu pembeni namba ya sindano na tarehe. Utavihitaji kwenye picha, na siku mnunuzi akija.

Hatua ya tatu: geuza ulichokiona kiwe maneno

Hali ya mashine ieleze kwa sehemu tatu: inachofanya vizuri, inachofanya kwa taabu, na isichofanya. Neno "nzuri" halisemi kitu, na "kama mpya" huleta ugomvi. Badala ya "haina shida", andika "inashona marekani, kitenge na kaki ya kukunja mara nne kwa sindano namba 16, bila kuruka". Badala ya "mkanda mzuri", andika mkanda umebadilishwa lini, au kwamba unahitaji kukatwa kidogo kwa sababu umelegea. Ukisikia mlio wa tak-tak unaojirudia kwa mpangilio, angalia kama ni kibanio cha chuma kinachounganisha mkanda kinapogonga gurudumu. Kama ndicho, sema hivyo, maana sauti hiyo humtisha mtu asiyeijua.

Jina nalo liandike kwa uaminifu. Kuna vichwa vingi vyenye neno Singer ambavyo havikutoka kiwanda cha Singer. Singer za zamani, tangu miaka ya 1900 hivi, zina namba yenye herufi mwanzoni iliyogongwa kwenye chuma cha kitako, upande wa kulia. Huna uhakika? Andika "kichwa kimeandikwa Singer" na uache mnunuzi aamue.

Hatua ya nne: vifaa, kimoja kimoja

Tandika shuka jeupe, weka juu yake kila kitu kinachokwenda na mashine, na kihesabu. Usiandike "na vifaa vyake vyote", kwa sababu hakuna watu wawili wenye "vyote" sawa.

Kitu cha kwanza kutafutwa ni bobini kesi. Mashine haishoni hata mshono mmoja bila hiyo, na ndiyo hupotea kwanza mtu anapohamisha vitu. Kisha bobini zenyewe. Bobini za vichwa hivi ni za chuma, zenye upana wa milimita 20 hivi na kimo cha 11 na ushei. Kwenye droo ya fundi zimechanganyika na za mashine za kiwandani, ambazo ni fupi zaidi na hucheza ndani ya kesi. Ingiza kila bobini kwenye kesi, vuta uzi, uone inazunguka bila kukwama. Zisizofaa zitoe kwenye shuka. Afadhali uandike bobini tatu zinazofanya kazi kuliko saba ambazo nne ni takataka.

Futi za ziada zitaje kwa kazi yake: ya zipu, ya kukunja pindo. Bisibisi, kopo la mafuta, kifuniko cha mbao na ufunguo wake vinafuata. Na kama kuna kitu hakimo ambacho mtu angetarajia kukikuta, kiandike pia: "hakuna kifuniko", "droo ya kushoto haipo".

Hatua ya tano: picha na video

Piga asubuhi, nje, kivulini. Jua kali juu ya chuma cheusi hutoa mng'ao unaoficha kila kitu. Picha saba zinatosha: mashine nzima na meza yake, kichwa kutoka mbele, sahani ya sindano na meno kwa karibu, mahali pa bobini pakiwa wazi, mkanda na pedali, shuka lenye vifaa, na kitambaa cha majaribio kikionyesha upande wa juu na wa chini. Ongeza picha ya kila kasoro uliyoitaja. Mbao za meza zilizovimba kwa maji zionekane zilivyo.

Video iwe ya nusu dakika, bila kukatwa: mkono unaweka kaki iliyokunjwa, pedali inakanyagwa, kitambaa kinatolewa, kinageuzwa, nyuma inaonekana. Usiweke muziki. Mnunuzi anataka kusikia mashine.

Hatua ya sita: bei

Uliza madukani bei ya mashine mpya ya aina hiyo hiyo yenye meza, katika mji wako, si Kampala, kwa sababu usafiri umo ndani ya bei ya Arua au Gulu. Kisha toa gharama ya kila kitu ambacho mnunuzi atalazimika kununua ili aanze kazi kesho yake. Kinachobaki kukadiriwa baada ya hapo ni thamani ya uchakavu, na hicho ndicho mnachobishania. Wakati una uzito wake: Januari, kabla muhula wa kwanza haujafunguliwa, mafundi wa sare hutafuta mashine ya pili, na hawataki kungoja.

Tuseme basi kuna mama mjini Arua anayeuza Butterfly. Majaribio yake yametoa haya: marekani na kitenge safi, kaki ya mara nne safi, lakini makutano ya mshono wa suruali, penye tabaka sita, yanahitaji kusaidiwa kwa mkono kwenye gurudumu. Mishono ya kurudi nyuma ni mifupi. Kimpira cha kijaziaji kimechakaa. Kona ya meza imevimba. Tangazo lake linaweza kuwa hivi:

> Cherehani ya miguu Butterfly, imetumika, Arua mjini – Sh 350,000
>
> Kichwa cheusi, mshono wa moja kwa moja, kinarudi nyuma. Imesafishwa, ina mafuta na sindano mpya.
>
> Inashona vizuri: marekani, kitenge, na kaki ya kukunja mara nne kwa sindano namba 16, bila kuruka wala kukata uzi. Mishono 10 kwa inchi, inalingana mwanzo hadi mwisho.
>
> Kasoro: penye tabaka sita za kaki unasaidia kwa mkono kwenye gurudumu. Mishono ya kurudi nyuma ni mifupi kuliko ya mbele. Kimpira cha kujazia bobini kimechakaa, unakisukuma kwa kidole wakati wa kujaza. Kona ya mbele ya meza, kulia, imevimba kwa maji, haizuii kushona.
>
> Vifaa: bobini kesi 1, bobini za chuma 4 zilizojaribiwa, futi ya kawaida na ya zipu, bisibisi 1, kopo la mafuta, sindano 3 za ziada (namba 14 na 16). Mkanda wa ngozi ni mpya. Hakuna kifuniko.
>
> Karibu uijaribu kabla ya kutoa pesa yoyote: Jumatatu hadi Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Leta uzi na kitambaa unachoshona kila siku, hata kizito. Keti, shona robo saa au zaidi. Ukitaka kuja na fundi wako, mje naye. Bei tunaizungumza baada ya majaribio.

Namba ya mashine haimo, na ni makusudi. Iweke kwa ajili ya hati ya mauziano. Ukiitangaza, mtu asiyekujua anaweza kudai mashine ni yake iliyoibwa, na ushahidi umempa mwenyewe.

Hatua ya saba: siku ya majaribio

Mwaliko una maana tu ikiwa mashine iko tayari. Iweke barazani au penye mwanga, sakafu iwe sawa, kwa sababu stendi inayoyumba hugonga na mnunuzi atasema kichwa ndicho kinachogonga. Weka sindano mpya pembeni, na vile vipande vyako vya majaribio viwe mezani.

Usimshonee. Mwache atunge uzi mwenyewe. Makosa mawili hutokea sana hapa, na yote mawili huonekana kama ubovu wa mashine. La kwanza ni kukanyaga pedali kwa kuanzia upande usio sahihi, gurudumu likazunguka kinyume. Sehemu ya juu ya gurudumu la mkono inatakiwa kuja upande wa mshonaji. Ikienda upande wa pili, uzi hujisokota na kukatika. Mkumbushe aanzishe mwendo kwa mkono, kisha miguu ifuate. La pili ni kutunga uzi futi ikiwa chini, lile lililoelezwa juu.

Mtu akisema, "Mama, hii inakata uzi," usikimbilie kujitetea. Mwambie, "Tuuangalie pamoja, fundi," utunge upya naye, sindano mpya, na ashone tena kitambaa kile kile. Ikikata tena, sasa ni yako: kubali na mzungumze bei, au ahirisha uuzaji mpaka itengenezwe. Kama ni uzi wake uliokaa juani hadi ukaoza, uvute kidogo mkononi mbele yake. Utakatika bila mashine.

Robo saa ya kushona mfululizo inaonyesha mambo ambayo mistari mitatu haionyeshi. Skrubu iliyolegea hujifungua, mkanda mpya huanza kunyooka na kuteleza, na bobini ikikaribia kuisha uzi hubadilika mvuto. Mruhusu afike hapo. Anapotazama chini ya kichwa, kiinue mwenyewe kwa bawaba zake na ukishike, maana kikimwangukia vidoleni hakuna biashara tena.

Usipokee malipo ya kutangulia kutoka kwa mtu ambaye hajaiona. Akiomba umwekee kwa siku mbili, mwekee, na uwaambie wengine kuna mtu wa kwanza.

Malipo, hati na usafiri

Tuseme mmekubaliana Sh 330,000. Kama analipa kwa simu, kubalianeni nani anabeba gharama ya kutoa. Mbali na ada ya mtandao kuna kodi ya asilimia 0.5 ya kutoa pesa, ambayo hapa ni Sh 1,650. Usitosheke na ujumbe wa maandishi. Angalia salio lako mwenyewe kabla mashine haijaondoka, kwa sababu ujumbe wa uongo ni rahisi kutengeneza.

Andikeni hati ya mauziano nakala mbili: tarehe, majina na namba za vitambulisho vya taifa, jina na namba ya mashine, idadi ya vifaa, bei, na sentensi moja kwamba mnunuzi ameijaribu na ameambiwa kasoro zilizotajwa. Zinakiliwe kasoro zenyewe. Mwenyekiti wa LC1 akishuhudia, mnunuzi atavuka vizuizi vya barabarani bila kuulizwa ameiba wapi, na wewe utalala usingizi.

Kwa safari, toa mkanda kwenye gurudumu. Shusha futi juu ya kitambaa kilichokunjwa ili meno na futi visigongane njiani. Legeza skrubu mbili nyuma ya kitako, kichwa kitachomoka kwenye bawaba. Kibebwe kwa shingo na kitako, kamwe si kwa gurudumu, kwani ekseli inaweza kupinda. Kichwa kiviringishwe kwenye blanketi na kisafiri kimesimama wima, mafuta yasimwagikie nguo, na meza iende peke yake. Bobini kesi usiiache ndani ya mashine wala kwenye droo inayofunguka: ifunge kwenye mfuko mdogo pamoja na bobini, umpe mnunuzi mkononi, aihesabu mbele yako.